Kindu: Patroni akikataa kutangaza ajali ya kazi, haki ya mfanyakazi haifi

Ajali ya kazi ina karatasi yake. Mfanyakazi akiumia, patroni anapaswa kuitangaza haraka kwa inspekta wa kazi na kwa CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii ambao watu wengi bado wanauita kwa jina lake la zamani, INSS. Lakini kwenye shantie nyingi karatasi hiyo haitoki. Mgonjwa anapewa franka kidogo za dawa, anaambiwa arudi nyumbani apumzike, na mambo yanaishia hapo.

Kwa nini patroni ananyamaza? Mara nyingi si juu ya roho mbaya tu. Kwa kila mshahara, patroni analipa CNSS asilimia 18: asilimia 13 inatoka mfukoni mwake na 5 inakatwa kwa mfanyakazi. Ndani ya zile 13, asilimia 1.5 ndiyo inayohusu ajali na magonjwa ya kazi. Siku anapotangaza ajali, swali la kwanza ni hili: huyu aliyeumia ameandikishwa? Na wenzake je? Mwenye vibarua ishirini wasioandikishwa anajua kwamba karatasi moja ya ajali inaweza kufunua deni la miaka. Kwa hiyo anaona heri kuficha.

Tuchukue mfano. Fundi mwashi anafanya kazi kwenye shantie upande wa Alunguli. Analipwa kila Jumamosi, bila mkataba wa maandishi, na sasa ana miezi mitatu pale. Siku moja ubao wa jukwaa unavunjika, anaanguka na kuvunjika mguu. Wenzake wanamvusha mto Lualaba kwa mtumbwi hadi hospitali. Msimamizi anamwambia: "Papa, tutakutibisha sisi wenyewe, usipeleke maneno mbali. Kwa dokta sema ulianguka nyumbani."

Hapo ndipo kesi nyingi zinapotea. Kile ambacho dokta anaandika siku ya kwanza kitasomwa na kila ofisi baadaye. Kitabu cha hospitali kikisema "alianguka nyumbani", mfanyakazi atakuwa na kazi ngumu ya kuonyesha kinyume. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwambia dokta ukweli: ilitokea kazini, mahali fulani, saa fulani. Kisha anaomba sertifika ya daktari inayoonyesha jeraha, tarehe, na siku ambazo hataweza kufanya kazi. Kama mgonjwa hawezi kuongea, mke, ndugu au mwenzake wa shantie anaweza kueleza.

Jambo la pili ni kuonyesha kwamba alikuwa mfanyakazi kweli. Hapa patroni wengi wanasema: "Huyu hana mkataba, ni kibarua tu." Jibu liko ndani ya Kodi ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mkataba usipoandikwa, mfanyakazi anaruhusiwa kuuthibitisha kwa njia yoyote ya haki: mashahidi, daftari la malipo, ujumbe wa simu, pesa zilizotumwa kwa simu. Na kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Fundi wetu wa miezi mitatu amepita hapo zamani. Anachohitaji ni majina ya wenzake wawili au watatu walioona ajali, na maelezo yao yaandikwe mapema, kabla shantie haijaisha na watu hawajatawanyika.

Jambo la tatu ni kujitangazia mwenyewe. Patroni akikataa, mfanyakazi au familia yake wanaweza kupeleka ajali CNSS. Barua fupi inatosha: jina lake, jina na anwani ya patroni, kazi aliyokuwa anafanya, siku, saa na mahali pa ajali, namna ilivyotokea, majina ya mashahidi. Anaambatanisha kopi ya sertifika. Ile ya kwanza anabaki nayo. Anatoa nakala tatu: moja ya CNSS, moja ya ofisi ya inspekta wa kazi, na moja ya kwake, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala isiyo na muhuri haina nguvu. Kesho mtu atasema barua haikufika, na mgonjwa hatakuwa na la kuonyesha.

Inspekta wa kazi ana mamlaka ya kuingia kwenye shantie, kuuliza watu, kuomba vitabu vya malipo, na kuandika PV ya aliyoyakuta. PV hiyo inaweza kusimama pale ambapo karatasi ya patroni inakosekana. Zaidi ya hayo, ugomvi wa mfanyakazi na patroni haupokelewi na tribinali kama haujapita kwanza kwa inspekta kwa ajili ya kupatanishwa. Ni kipengele cha 298 cha Kodi. Wasipopatana, inspekta anaandika PV ya kutopatana, na ndiyo inayofungua mlango wa tribinali ya kazi, ama tribinali kubwa ya kawaida pale ambapo ile ya kazi haijawekwa.

Fundi akikubaliwa na CNSS, anapata nini? Kwanza matunzo ya jeraha. Pili, malipo ya siku ambazo hawezi kufanya kazi, theluthi mbili za mshahara wake wa siku. Kama wastani wake ni franka 15,000 kwa siku, ni franka 10,000. Tatu, mguu ukibaki na kilema, daktari anapima kiwango chake kwa asilimia. Kilema kidogo kinalipwa kwa mara moja. Kikubwa kinalipwa kama pensheni. Ndiyo maana sertifika ya pili, ile ya mwisho wa matibabu, ni ya lazima kama ya kwanza. Anayeacha kwenda hospitali mara tu maumivu yanapopungua, kilema chake hakipimwi.

Shida kubwa inakuja pale ambapo patroni hakuwahi kumwandikisha. Dosye inachelewa, maswali yanakuwa mengi. Lakini kosa la kutoandikisha ni la patroni, si la aliyeumia, na CNSS ndiyo yenye nguvu ya kumdai michango. Hatari nyingine ni karatasi ambayo patroni analeta kitandani: "Chukua hizi laki mbili, saini hapa." Mara nyingi imeandikwa Kifaransa kwamba mfanyakazi amelipwa yote na hadai kitu tena. Ni heri kwanza isomwe na mtu anayeaminika, au ipelekwe kwa inspekta, kabla ya kalamu kugusa.

Muda nao unakimbia. Madai yanayotoka kwenye mkataba wa kazi yanakufa baada ya miaka mitatu, na ya mshahara baada ya mwaka mmoja tu. Na njia hii yote ni ya mtu mwenye patroni. Mchimbaji wa Kailo au Kalima anayechimba kwa ajili yake mwenyewe na kuuza kwa negosia hana wa kumtangazia ajali. Lakini yule anayepewa amri, saa za kazi na malipo na mwenye shimo, huyo ana patroni, hata kama hakuna aliyewahi kumwita hivyo.