Itoeni "Licha ya" Kwenye Wasifu Wangu

Nina selimundu. Nautaja ugonjwa huu mwanzoni kwa sababu leo ndio mada yenyewe. Siku nyingine huwa siutaji.

Mwaka jana nilipeleka hadithi fupi kwenye jarida moja. Inahusu ndugu wawili wanaogombea mashua ya marehemu baba yao. Humo hamna hospitali, hamna dripu, hamna hata mtu anayekohoa. Wasifu wangu ulikuwa mfupi: nimezaliwa Tanga, nafundisha Kiswahili sekondari, naandika hadithi. Ilipochapishwa nikakuta sentensi ambayo sikuiandika: "Licha ya kusumbuliwa na selimundu, hajakata tamaa." Mhariri alijua hali yangu kwa sababu niliwahi kumwomba siku za ziada za kusahihisha nikiwa nimelazwa.

Hebu tuitazame hiyo "licha ya", jamani. Inamwambia msomaji kwamba hadithi ni muujiza, basi asome kwa huruma. Na kweli, maoni yaliyokuja yalikuwa ya pole tupu. Hakuna aliyegusa mashua. Mwisho wa hadithi ile umelegea, najua, na nilitaka mtu anibane hapo. Huruma ikaninyima mkosoaji.

Wapo watakaosema kunyamaza ni kuona haya, na kwamba kijana mwenye selimundu angepata nguvu akiniona. Naiheshimu hoja hiyo. Ndiyo maana nilipoandika insha kuhusu usiku wa maumivu wodini, niliweka kwa mkono wangu: "Anaishi na selimundu tangu utotoni." Pale msomaji anahitaji kujua kwamba msimuliaji ameyapitia. Mwana Kupona naye, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwambia binti yake mapema kwamba yu mgonjwa, kwani ugonjwa ndio unaomharakisha kutoa wasia. Ukiuondoa, wasia unapoteza haraka yake.

Kipimo changu ni hicho: naifuta sentensi ya ugonjwa, kisha nasoma kazi upya. Kama hakuna kilichopungua, hairudi.

Mahitaji ni jambo jingine, na yana barua yake. Nikialikwa kusoma mbele za watu, namwandikia mwandaaji faragha: baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuniamshia maumivu, kwa hiyo naomba kiti mbali na kiyoyozi, na maji karibu. Hayo ni ya mwandaaji. Wasifu unasomwa na yeyote, hata mwajiri nitakayemwomba kazi miaka kumi ijayo.

Wahariri, mkitaka kutaja maradhi ya mtu, muulizeni kwanza. Akikubali, mwacheni aandike sentensi hiyo mwenyewe. Nanyi wasomaji, mkiiona hadithi ya mashua, niambieni kuhusu ule mwisho. Pole nimeshapata za kutosha.