Mnunuzi Wetu ni Nani?

Tulipoanza kuuza sambusa mbichi za kugandishwa mwezi wa Ramadhani, tulidhani mnunuzi wetu ni mke mchanga asiyejua kupika. Tukatangaza kwenye kumbi za arusi: "Sambusa tamu, bei nafuu." Wateja wakawa wa kuhesabika.

Ndipo tukazungumza na wanawake wanane waliokwisha kununua, mmoja mmoja. Hatukuwauliza kama wanazipenda, kwani jirani husifu kwa kuona haya. Tuliwauliza habari ya siku waliyonunua: ulikuwa wapi, nini kilikufanya utukumbuke, na ungetukosa ungefutari nini? Majibu tukayaandika kwa maneno yao.

Sita walikuwa kina mama waajiriwa, wafikao nyumbani baada ya alasiri. Kupika wanajua, tena sana. Kinachowashinda ni kukunja manda ilhali magharibi inakaribia. Mmoja akasema, "Nataka watoto waone nimewakaangia mimi." Neno hilo tusingelibuni wenyewe.

Tukamchora mnunuzi wa mfano kutokana na hao sita. Umri wake hatukuuandika, maana haukubadilisha lolote. Tangazo likahamia WhatsApp, saa sita mchana, anapoanza kuwaza futari: "Zimekunjwa tayari, kukaanga ni kwako." Habari ya bei tukaiondoa, kwani hakuna aliyeitaja. Wawili waliosalia walinunulia hitima, kwa mamia. Hao wanahitaji tangazo lao.

Waliosalia kuulizwa ni walionunua mara moja wasirudi. Hao ndio watakaotuambia tulikokosea.