Unajibu maswali kwa malipo? Sema wazi hujui nini

Maafisa ugani wenzangu watatu wameniuliza mwezi huu kama ni vizuri kujiunga na tovuti ambazo mtu hulipa ili ajibiwe na mtaalamu. Mimi nimejibu huko kwa muda sasa, maswali ya migomba. Jibu langu ni ndiyo, ila wengi tunaanza vibaya: tunaandika wasifu mpana kama bango la duka la pembejeo.

"Mtaalamu wa kilimo na mifugo" si wasifu. Ukiandika hivyo utaletewa ng'ombe wa mtu anayekoroma saa nne usiku, na tiba ya mifugo ina sheria yake na watu wake waliosajiliwa. Wangu unasomeka hivi: "Migomba ya ukanda wa Ziwa, magonjwa na utunzaji wa shamba. Sijibu tiba ya mifugo. Sitaji kipimo cha dawa kwa shamba nisilolijua." Maswali yalipungua baada ya kuandika hivyo, lakini karibu yote yaliyobaki nayaweza.

Sasa bei. Kosa nililolifanya mimi ni la hesabu. Tuseme unataka shilingi 8,000 kwa jibu moja, na tovuti inakata robo. Ukiongeza robo ya 8,000 unapata 10,000. Tovuti ikikata robo yake unabaki na 7,500. Unatakiwa kugawanya 8,000 kwa 0.75, upate kama 10,700, ndipo uongeze gharama ya kutoa fedha kwenye simu. Robo si namba niliyoiokota: Google Answers, iliyofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2006, ilimpa mjibuji asilimia 75 ya bei, na muulizaji ndiye aliyepanga bei hiyo, kuanzia dola 2 hadi 200. Nyingine hukata zaidi, kwa hiyo soma masharti kabla ya kujaza fomu.

Na hiyo 8,000 ilipie kisa kizima: kuuliza picha zaidi, kuandika jibu, na maswali mawili ya ufuatiliaji. Ukiuza swali mojamoja, mtu ataogopa kukuuliza lile la pili, na kwenye migomba la pili ndilo lenye ugonjwa.

Nieleze kwa kisa. Mama mmoja wa Muleba alituma picha moja: mgomba wenye majani ya njano, na swali "niweke mbolea gani?" Alikuwa ameshalipa. Kishawishi ni kumtajia samadi na kufunga swali. Nikamwomba picha tatu na jibu moja. Ndizi moja iliyokatwa katikati. Shina lililokatwa, baada ya dakika chache. Ua dume. Kisha: zinazougua ni kisukari peke yake, au na ndizi zetu za kupika?

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha. Mnyauko wa Panama hushika kisukari na kuacha ndizi zetu za kupika, na shina ukilikata ndani unaona mistari ya kahawia, lakini tunda halioziwi ndani. Unyanjano hauchagui. Ndizi huiva kabla ya wakati, ndani zina kahawia, ua dume hunyauka, na shina hutoa usaha wa njano. Kwake vyote vilikuwepo, na kwenye kibanja chote alikuwa akipita na panga moja.

Hapo nilirudisha fedha. Wengine watasema nimechezea riziki. Ila unyanjano uliingia Kagera 2006, na tulivyouona ukimaliza vibanja, sioni ni jambo la mtu kulipia peke yake wakati jirani yake naye yumo hatarini. Nilimwambia asiingie na panga hilo kwenye mgomba mwingine kabla ya kuliosha kwa jiki au kulipitisha motoni, ang'oe mashina yaliyougua, avunje maua dume ya mengine kwa kijiti chenye panda, na amwite afisa wa kata yake siku ile ile. Picha hainiruhusu kuthibitisha. Inaniruhusu kumwambia akimbie.

Jambo la mwisho, na hapa sina mjadala: mkulima wa kata yako usimtoze. Huyo umeshalipwa mshahara kwa ajili yake, na akijua kwamba mtandaoni unajibu haraka kuliko ofisini, waitu, umejiharibia jina kijijini. Mimi nikimtambua muulizaji ni wa kwangu, namwandikia: "Njoo Jumatatu, au nitapita kwako," halafu nafunga swali bila malipo. Mwajiri wangu naye anajua kwa maandishi kwamba nafanya hili, na nafanya jioni, kwa simu yangu na bando langu.