Hesabu iwapime mashahidi
Aprili 20, 2023 jua lilipatwa, na kupatwa kwake ndiko kuzaliwa kwa mwezi mpya: saa 1:12 asubuhi kwa saa zetu. Jioni ile Saudi Arabia ikatangaza Idi kwa ushahidi wa kuonekana kwa mwezi. Mwezi haukuwa umetimiza saa 12, nao ulikuwa karibu mno na jua, usingeweza kuonekana kwa macho matupu. Sitaki hesabu ichukue nafasi ya macho, kwani haijui mawingu ya jioni. Lakini ina uwezo wa kukataa lisilowezekana. Kadhi amuulize shahidi pembe za mwezi zilielekea wapi. Akisema zilielekea chini, kwenye jua, huyo hakuona mwezi. Saumu za watu zisifunguliwe kwa ushahidi usiopimwa.