MAHUBIRI YA "MSISUMBUKE" NA SISI TUNAOKWENDA KITAA

Poleni na mitihani, poleni na bumu lililochelewa. Leo sitaki kuongelea mgomo wala chakula cha kafteria. Nataka kuongelea mahubiri.

Kila mwaka mahafali yakikaribia huwa kuna ibada ya kuwaaga wanaomaliza, na siku hizi wanaalikwa hata waliomaliza zamani ambao bado wanasota. Mhubiri anafungua Mathayo sura ya 6, kuanzia mstari wa 25. Mnaijua: ndege wa angani, maua ya kondeni, msisumbukie kesho. Halafu inakuja ile sehemu inayonikera. Mhubiri anafunga kitabu anatangaza kwamba kabla mwezi haujaisha kila aliyemo humu ndani atakuwa ameitwa kazini. Watu wanapiga makofi, wengine wanalia. Mwezi unaisha.

Mimi sipingi imani ya mtu, na mwenyewe nasali. Hoja yangu ni kwamba andiko ni zuri ila linakatwa njiani, na wanaoumia ni wale wale waliokuja kutafuta nafuu.

Tuanze na hesabu ndogo. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikaa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakifanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Sasa jamani, tuseme wote walikuwa wacha Mungu, wote wamefunga na kuomba, hakuna hata mmoja mwenye wasiwasi moyoni. Bado watu wasiopungua 9,930 wangerudi nyumbani bila kazi, maana viti vilikuwa sabini tu. Ukiwaambia wale 9,930 kwamba aliyeamini kweli amepata, umewaambia kwa mlango wa nyuma kwamba wao hawakuamini. Mtu alikwenda uwanjani hana kazi, akarudi hana kazi na imani yake nayo ina doa. Hapo mahubiri hayajapunguza wasiwasi, yameuongeza.

Na Mathayo 6 yenyewe haisemi hivyo. Isome taratibu. Wanaoambiwa ni watu ambao swali lao ni chakula na nguo. Hawaahidiwi cheo. Wanaambiwa kwamba wao ni wa thamani kuliko ndege, na mstari wa mwisho, ule wa 34, unakiri wazi kwamba kila siku ina taabu yake na hiyo inatosha. Yaani taabu ya leo haikataliwi. Kinachokatazwa ni kubeba ya leo, ya kesho na ya mwaka kesho kwa mkupuo mmoja. Mwenzangu wa chumbani ni Mwislamu, akanikumbusha kuwa hata kwao ipo hadithi ya Mtume juu ya ndege: wanatoka asubuhi matumbo matupu, wanarudi jioni wameshiba. Neno lililombeba yeye ni "wanatoka". Ndege hakai kwenye kiota akisubiri kuitwa.

Sasa, kama ningepewa mimi ile mimbari (hawatanipa), nisingeanzia sura ya 6. Ningeanzia sura ya 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Ule mfano ni kijiwe cha vibarua kabisa. Mwenye shamba anatoka alfajiri, anawakuta watu sokoni, wanapatana dinari moja, ambayo ilikuwa ujira wa kawaida wa siku. Anatoka tena saa tatu, tena saa sita, tena saa tisa. Na sisi Waswahili tuna bahati hapa, kwa sababu saa za Biblia na saa zetu zinahesabiwa sawa, kutoka macheo. Hatuhitaji maelezo. Anapotoka mara ya tano, saa kumi na moja, kila mmoja wetu anajua ni jioni, jua linataka kuzama, watu wanafunga vibanda.

Bado kuna watu wamesimama pale. Anawauliza mbona mmesimama kutwa nzima bila kazi? Wanamjibu kwa ufupi kwamba hakuna aliyewaajiri.

Hilo jibu ndilo ningelihubiri nusu saa nzima. Maana angalia mwenye shamba anafanya nini baada ya kulisikia. Hawaambii ni wavivu. Hawaulizi walifaulu kwa kiwango gani wala kwa nini hawakujiajiri. Analipokea jibu lao kama lilivyo, ni kweli hakuna aliyewaajiri, na anawapeleka shambani. Jioni anawalipa dinari nzima kama wa alfajiri. Wale wa kwanza wakanuna, na sisi tukisoma tunanuna nao kidogo, lakini fikiria: aliyesimama sokoni kutwa hakwenda matembezi. Alipigwa na jua lile lile, akiwa na kitu kimoja zaidi ambacho wenzake shambani hawakuwa nacho, yaani kutojua kama watoto watakula usiku. Na mkate wa usiku haupungui bei kwa sababu baba ameajiriwa saa kumi na moja.

Najua wanatheolojia watanisahihisha, mfano huu unahusu ufalme wa mbinguni na neema, siyo sera ya ajira. Sawa. Lakini picha imechukuliwa kwenye soko la kweli, na aliyeisimulia aliwajua wale watu wa saa kumi na moja.

Kwa nini nasisitiza hilo? Kwa sababu makanisani kuna andiko lingine linalotembea kwa kasi zaidi, la 2 Wathesalonike 3:10, lile la asiyefanya kazi na asile. Lifungueni mlisome. Paulo anamsema mtu ASIYETAKA kufanya kazi. Neno "kutaka" likidondoka njiani, andiko linageuka rungu la kumpigia mtu anayetaka usiku na mchana. Mjomba akishalishika, kila kijiko cha wali pale mezani kinakuwa na swali.

Nina rafiki, simtaji, alimaliza 2021. Anakaa kwa mjomba wake Mbagala. Nimemwona namna wasiwasi unavyofanya kazi, haufanani na ule wa kwenye mahubiri. Mwanzoni alikuwa anaomba kazi kwa mpango. Baadaye akawa anaamka saa nane usiku kuangalia simu kama kuna tangazo jipya, wakati anajua hakuna ofisi inayotangaza usiku. Akaacha kupokea simu za nyumbani kwa sababu swali ni moja. Kanisani kwao waliwaita wasio na ajira wasimame mbele waombewe. Alisimama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne hakwenda kanisani. Anasema kusimama mbele mwaka wa tatu na watu wale wale wakikutazama ni kama kurudia darasa. Na shuhuda ni za waliopata tu. Ambaye hajapata hana la kusimulia, kwa hiyo kanisa zima linadhani wote wanapata.

Kilichomsaidia kilikuwa kidogo na cha kawaida. Mama mmoja wa kanisani ana duka la vifaa vya ujenzi. Akamwambia njoo Jumanne na Ijumaa uniandikie hesabu. Ujira si mkubwa, ila wiki ikapata umbo, siku zikawa na majina tena. Alipoitwa usaili Dodoma, mama yule akampa nauli na kumtafutia pa kulala kwa ndugu yake. Wengi hatujui hili mpaka tufike kitaa: usaili wa serikali unaweza kuwa wa hatua zaidi ya moja, kuna wa mchujo, kwa kada nyingine kuna wa vitendo, halafu wa mahojiano, na kila safari ni nauli na malazi, juu ya gharama za kuthibitisha nakala za vyeti. Mtu anaweza kukosa kazi kwa kukosa nauli tu. Rafiki yangu alipita mchujo, mahojiano hayakumbeba. Bado anatafuta. Lakini saa nane usiku sasa analala, na anajua kuwa kuna wanaofaulu usaili kabisa na bado wakawekwa kwenye kanzidata kwa sababu nafasi zimejaa. Kukosa nafasi na kufeli ni vitu viwili.

Kwa hiyo maoni yangu kwa wahubiri ni haya. Acheni kuwaita watu mbele kama kundi la wagonjwa. Badala yake baada ya ibada kaeni na orodha mbili: nani humu ndani ana kazi ya siku mbili kwa wiki, na nani ana usaili wiki ijayo na hana nauli. Mwenye shamba wa Mathayo 20 alitoka mara tano. Hakukaa nyumbani akawaombea walioko sokoni.

Na kwetu sisi wa vimbwetani tunaokaribia kuondoka, nina andiko moja la akiba, 1 Wafalme 19. Eliya, nabii mzima, amechoka mpaka anaomba afe, amelala chini ya mti. Malaika anapokuja hahubiri. Anampa mkate na maji, anamwacha alale. Anamwamsha tena, ale tena. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, huko mlimani. Ule mpangilio una akili: usingizi, chakula, ndipo maneno. Ukiona mwenzako wiki mbili mfululizo halali, hali, hataki alichokuwa anakipenda, au anaanza kusema bora asingekuwepo, usimtumie meseji ya mstari wa Biblia ukaishia hapo. Nenda alipo, kula naye, mpeleke hospitali akaonane na daktari, usimwache peke yake. Hiyo siyo imani haba. Eliya alihudumiwa kwanza, hakukemewa.

Msisumbukie kesho, ndiyo. Lakini mtu anaweza kuiachia kesho akiwa na uhakika wa leo, na leo ya mtu wa saa kumi na moja mara nyingi iko mikononi mwa aliyeajiriwa saa tatu. Kwa hiyo mtakaobahatika kupata mapema, Jumatatu mkitoka kazini piteni sokoni mara moja.

Ni hayo tu kwa leo. Narudi kwenye nondo, kesho nina karatasi ya takwimu.