Fremu Tupu Hailipi Kodi

Mwenye fremu mmoja wa Mikumi mjini amemkatalia mpangaji wake nafuu ya kodi, na mimi nasema amekosea. Mpangaji ni dada anayeuza vinyago na vitenge kando ya barabara kuu ya Iringa. Mkataba wake ulikwisha Februari, na mwenye mali akataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo: 900,000, yaani 150,000 kwa mwezi.

Dada alikwenda na daftari la mauzo ya miaka 2. Kila mwaka, Machi hadi Mei, mauzo yanashuka, maana masika yanaharibu njia za ndani ya hifadhi na watalii wanapungua. Akasema, "Mzee, naomba Machi, Aprili na Mei nilipe 75,000. Juni, Julai na Agosti nitalipa 225,000 kila mwezi." Akajibiwa, "Mwanangu, mvua haimo kwenye mkataba."

Najua wenye nyumba nao wana mikopo, na wapo wapangaji wanaolia hali ngumu huku wakifungua duka la pili mtaa wa nyuma. Sawa. Lakini huyu alikuja kabla ya kudaiwa, tena na daftari.

Sasa tupige hesabu. Mara 3 ya 75,000 ni 225,000. Mara 3 ya 225,000 ni 675,000. Jumla ni 900,000, ileile, ndani ya miezi 6 ileile. Dada hakuomba asamehewe hata shilingi. Aliomba kodi ifuate msimu wa fedha. Kama hofu ilikuwa ahadi kuvunjwa, kiasi na tarehe vingeandikwa, wakasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kukawa na sharti kwamba akikosa Juni anatoka.

Mwenye fremu alimwacha aondoke, akidhani atapata mwingine. Nani anafungua duka la watalii Mikumi katikati ya masika? Anayetafuta fremu Aprili anaiona barabara ileile isiyo na wateja, na yeye pia ataomba apunguziwe. Leo ni Julai. Fremu imefungwa tangu Machi, miezi 4, na 600,000 zimepotea moja kwa moja. Alikataa kusubiri hadi Agosti!

Na hilo la mvua kutokuwamo kwenye mkataba linaniudhi zaidi. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yalipong'oa reli ya Kilosa, mfanyabiashara aliyetegemea abiria wa treni hakuwa na namna ya kuyaandika mapema. Lakini masika yanakuja kila mwaka. Kama hayamo kwenye mkataba, ni kwa sababu aliyeuandika hakutaka yawemo.

Wenye fremu wa Mikumi na Kilosa, mpangaji akija Februari na daftari mkononi, mpeni kiti na mlifungue daftari hilo pamoja kabla hamjamjibu.