Nyumba Inapobaki na Wawili



Kila mwaka, masomo ya chuo kikuu yanapokaribia kufunguliwa, mmoja wenu husimama mbele ya jumuiya, huombewa baraka ya safari, kisha hupanda basi. Sisi sote huongea juu ya huyo anayeondoka: atalala wapi, atakula nini, atadumu katika imani au hapana. Ni mara chache tunaongea juu ya wale wawili wanaorudi nyumbani kutoka kituo cha basi. Na kama aliyeondoka ni kitinda mimba, wawili hao wanaingia katika nyumba ambayo kwa miaka mingi hawakuikaa peke yao. Ninataka kuwaandikia juu yao, kwa kuwa ni wazazi wenu, na kwa kuwa wengi wenu, mkijaliwa, mtafika pale walipo.

Mimi na mke wangu tulifika. Kitinda mimba wetu alitoka hapa Likasi kwenda kusoma Lubumbashi, safari ya kilomita 120 hivi. Jioni ile mke wangu alisonga bukari katika sufuria ile ile kubwa, kama kwamba watoto wote wanne wangali mezani. Sehemu kubwa ilibaki. Kesho yake ikabaki tena. Siku ya tatu alitoa sufuria ndogo, akaisugua kimya, akaiweka motoni. Nilifikiri shida imekwisha. Lakini tulipomaliza kula, hatukuwa na la kusema. Mimi nilifungua redio, yeye akachukua simu kumwuliza mtoto kama amekula.

Baada ya majuma mawili nilianza kusikiliza maneno yetu wenyewe. Karibu kila sentensi tuliyoambiana ilikuwa juu ya mtoto: amelipa minervali, amepata godoro, mwenye nyumba anamsumbua. Habari za mtoto zikiisha, mazungumzo nayo yaliisha. Hii ndiyo alama ya kwanza ninayowaomba muijue, kwa sababu haipigi kelele. Hakuna aliyekosana na mwenzake. Baba anachelewa kidogo kurudi kwa sababu hakuna anayemngojea na daftari la kazi za shule. Mama anajiandikisha katika kila kamati ya parokia, na watu wanamsifu kwa bidii yake. Wote wawili ni watu wema, na kila mmoja ameanza kumkimbia mwenzake.

Hata majina yetu yalikuwa ya mtoto. Tangu kifungua mimba alipozaliwa, nilimwita mke wangu Mama wa fulani, naye akaniita Baba wa fulani. Ni desturi nzuri ya heshima, na siiondoi. Lakini niligundua kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimelitamka jina alilobatizwa nalo, lile nililolitamka siku ya arusi mbele ya padri.

Biblia yetu inaijua nyumba hii. Someni Kitabu cha Tobiti, sura ya 5 na ya 10. Tobiti, mzee kipofu, anamtuma Tobia, mtoto wao wa pekee, nchi ya mbali kuchukua fedha aliyoiweka kwa ndugu yake. Mara tu kijana anapotoka, mama yake, Ana, anaanza kulia na kumlaumu mumewe: kwa nini amemtuma mtoto aliye fimbo ya mikono yao, kana kwamba fedha ni bora kuliko yeye? Tobiti anamtuliza kwa upole, anamwita dada, anamwambia malaika mwema atafuatana na mtoto. Naye Ana ananyamaza. Lakini siku za kurudi zinapopita bila Tobia kuonekana, mambo yanageuka. Tobiti mwenyewe anahesabu siku na kuogopa. Ana anakwenda kila siku kuitazama njia, hataki kula, usiku analia. Mumewe anapojaribu tena kumtuliza, anamjibu kwa ukali anyamaze na asimdanganye. Kumbe wakati huo kijana yu mzima, anasherehekea arusi yake.

Tazameni jambo moja katika habari hii. Wazazi hawa wawili wana uchungu mmoja, lakini kila mmoja anaubeba kwa namna yake, na namna ya mmoja inamuumiza mwingine. Mume anayesema usiogope anaonekana kama hajali. Mke anayelia anaonekana kama analaumu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mimi nilinyamaza nikidhani ninamwonea mke wangu huruma. Yeye aliona kwamba nimemsahau mtoto. Siku nilipomwambia kwamba nami huingia chumba cha kijana wetu na kukaa kitandani kwake, alinitazama kama mtu anayemwona mgeni.

Kanisa linatufundisha nini hapa? Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, namba 235, ameitaja nyumba iliyoachwa na watoto kati ya majaribu ya kawaida ya ndoa, na kusema kwamba inawadai wana ndoa kuupanga upya uhusiano wao. Mwaweza kuuliza: kwa nini kuupanga upya, kama kazi ya ndoa ilikuwa kulea watoto na watoto wamelelewa? Jibu liko katika sheria ya Kanisa. Kanuni ya 1055 inasema ndoa imeelekezwa kwa mema ya wana ndoa wenyewe na kwa kuzaa na kulea watoto. Mambo mawili, na mema ya wana ndoa yametajwa kwanza. Kanuni ya 1084 inaongeza kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi.

Sikilizeni pia ibada ya ndoa yenyewe. Kabla ya kupeana ahadi, padri anawauliza wachumba kama wako tayari kupokea watoto kutoka kwa Mungu. Swali hilo linaweza kuachwa ikiwa wanaooana wamekwisha kuzeeka. Lakini ahadi haiwezi kuachwa, na katika ahadi watoto hawatajwi: kila mmoja anampokea mwenzake, katika raha na taabu, siku zote za maisha. Kwetu watu wengi husema mtoto ndiye anayeifunga ndoa. Kwa neno hilo tumewaumiza wengi wasiozaa, na kwa neno hilo hilo tunawafanya wazazi waliobaki wawili wajione kama wafanyakazi waliomaliza mkataba. Mtoto ni tunda. Fundo ni ahadi.

Sisi hatukuanza na jambo kubwa. Kwa miaka mingi mimi nilikwenda misa ya kwanza na yeye misa ya pili, ili mmoja wetu abaki na watoto. Watoto walipokua, mazoea yalibaki. Jumapili moja nilimngojea, tukaenda pamoja na kurudi kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini. Jumapili ya tatu au ya nne, njiani, aliniambia jambo ambalo sikulijua: mwaka nilipokubali kufundisha mbali na kurudi mara moja kwa mwezi, yeye hakukubali kamwe; alinyamaza tu kwa sababu watoto walikuwa wadogo na tulihitaji mshahara.

Tuligombana. Ninawaambia hivi ili msidanganyike na neno kugunduana upya, kana kwamba wazee wanarudi kuwa wachumba kwa siku moja. Watoto wakiwamo nyumbani, wazazi huahirisha maneno mengi. Watoto wakiondoka, maneno hayo yanatoka mahali yalipofichwa. Anayeogopa ugomvi huo atafungua redio tena. Sisi tulikaa siku kadhaa na huzuni, kisha nikamwomba msamaha, nikimwita kwa jina lake la ubatizo. Alicheka, akasema limekuwa kama jina la mtu mwingine. Tangu siku hiyo ninalitumia tunapokuwa wawili.

Baadaye ulikuja mtihani wa ndugu. Dada yangu alitaka kutuletea binti yake akae nasi, maana nyumba bila mtoto, alisema, ni kama shamba bila mwenyewe. Alisema kwa mapendo. Tulimwomba atungoje hadi Pasaka, na wengine katika ukoo walisema tumekuwa na moyo wa kizungu. Ninajua neno hili ni gumu, kwa sababu kwetu nyumba ni ya ukoo, na kama mtoto ni yatima au amekimbia vita, hakuna kungoja: mlango unafunguliwa leo. Lakini binti yule alikuwa na wazazi, chakula na shule. Kumleta kungekuwa dawa ya ukimya wetu, na mtoto hapaswi kuwa dawa ya wazee waliosahau kuongea. Alikuja baada ya Pasaka. Alikuta watu wawili wanaosemezana, na ninaamini alipata malezi mazuri zaidi kwa sababu hiyo.

Si kila nyumba itatengenezwa kwa matembezi ya Jumapili. Mahali palipokuwa na mapigo au ulevi, kuondoka kwa mtoto wa mwisho kunaweza kumwacha mama bila shahidi. Hapo msimshauri avumilie tu. Semeni na Baba Paroko, na wasimamizi wa ndoa yao, na watu wa ukoo wanaosikilizwa.

Na ninyi, mnaweza kufanya nini? Mkipiga simu nyumbani, ombeni kuongea na wote wawili kwa pamoja. Ukimpa mama habari zote peke yake, na baba ukamwita tu wakati wa minervali, unawafanya wapashanaji habari zako badala ya wenzi. Tena, wakianza kwenda mahali bila kuwaarifu, au wakichelewa kupokea simu kwa kuwa walikuwa wanaongea, msinung'unike. Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu atamwacha baba yake na mama yake. Sisi hulisoma neno hilo kwa ajili ya anayeondoka, lakini linawaweka huru na wanaoachwa.

Ninyi mnaochumbiana, jiulizeni jioni moja swali hili: tukiondoa arusi, mahari na watoto tunaowatamani, tuna nini cha kuambiana? Msiogope kama jibu ni dogo. Mna miaka ya kulikuza, ila msingoje basi la kitinda mimba.

Mwaka huu mke wangu ametoa ile sufuria kubwa kwa jumuiya, itumike kwenye misiba na sikukuu. Tumebaki na ile ndogo. Inatutosha, na jioni tunachelewa kuondoka mezani.